Wamemla mama yangu 10,000 kwa ruzuku ya mbolea ya uongo, na namba yao bado inaita!

Wakuu, nimefura. Mama yangu analima mahindi Mbozi. Juzi kaingiziwa meseji: "Ndugu mkulima, umechaguliwa kupata ruzuku ya mbolea awamu mpya. Tuma namba ya NIDA na ada ya usajili Sh 10,000 kwa namba hii kabla ya saa 12 jioni." Akatuma vyote viwili.

Na asije mtu hapa kumcheka. Msimu uliopita alijiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, bure, na meseji ya kweli ikamjia kwenye kitochi hichohicho. Akaenda nayo kwa wakala, akapewa mbolea. Hii ya juzi angeijuaje?

Kinachoniuma, kabla hajaweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Jina la mtu! Mama anasema alidhani ndiye karani. Nimewapigia huduma kwa wateja, hela ilishatolewa. Nikauliza, laini mnaifunga lini? "Tumepokea malalamiko yako." Leo asubuhi nimeipiga, inaita vizuri kabisa.

Mzee wa Kilosa: Pole. Hapo kwenye NIDA ndipo pa kuogopa. Wakishaipata wanasajili laini kwa jina lake, kesho polisi wako mlangoni.

Binti Karani: Mzee, nusu nusu. Laini inasajiliwa kwa alama ya kidole, namba tupu haitoshi. Wengi huibiwa kwa wale wasajili wa mtaani: "mama, kidole hakijasoma, weka tena", kumbe anasajili laini ya pili. Mleta mada, chukua simu ya mama, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta ya kigeni, nendeni naye dukani kwa mtandao husika ikafutwe. Ile meseji itume 15040, watakuuliza namba iliyoituma. Na mwambie mama: serikali ikikudai hata jero, inakupa namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99, si namba ya simu ya mtu. Tena wakipiga kuomba "namba iliyoingia kwenye simu yako", asiwatajie. Hiyo ndiyo ya kuingilia kwenye akaunti.

Chausiku86: Samahani, kwa hiyo TASAF wameanza kuandikisha? Bibi yangu naye kapata meseji kama hiyo, wanataka 5,000.

Binti Karani: Dada, USITUME! TASAF kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, bibi hawezi kuchaguliwa na meseji.

Mleta mada: Nimepiga *106#. Laini tatu. Mama anazijua mbili. Kesho tunapanda naye basi kwenda mjini. Ila jamani, sikusema: walimtumia na meseji ya pili, ikamwita kwa majina yake yote matatu. Waliyatoa wapi?

Mzee wa Kilosa: Alipotuma hela jina si lilionekana kwao?

Mleta mada: Mzee, meseji ile ilikuja kabla hajatuma.