Mada: Mkalimani kaniuliza "cheti gani", nimejibu, sasa wanasema nilikwepa swali

Baba Neema:
Wapendwa, salaam. Kumbukumbu za mahojiano ya uhamiaji ya kumleta mwanangu huku ughaibuni zimefika, na zimeandikwa: "Mwombaji alikwepa swali." Kwenye faili kuna vyeti viwili vya kuzaliwa, kile cha zamani cha mkono na kipya cha RITA. Mkalimani aliniuliza kwenye simu, "Ulileta cheti gani mwanzo?" Nikajibu, "Cha kuzaliwa." Akarudia vilevile, nikajibu vilevile. Masahihisho mwisho Ijumaa. Niandike nini, na sauti ya mahojiano inaombwa kwa fomu ipi?

Mwalimu Mstaafu:
Baba Neema, ulijibu ulichoulizwa. "Cheti gani" kwanza huuliza aina: cha kuzaliwa, cha ndoa, cha shule. Vyeti vikiwa viwili vya aina moja, na mtu anataka uchague, husema "cheti kipi". Laiti angeanza na "una vyeti vingapi?", mngeelewana hapohapo. Na jihadhari na barua. Neno "barua" halibadiliki kwa wingi, kwa hiyo sikiliza "ipi" au "zipi". Ukiulizwa "barua zipi" ukataja moja, wataona umeficha nyingine.

Kaka wa Nairobi:
Mwalimu, umekaza mno. Huku kwetu mtu husema "unataka ile gani?" na unachagua bila shida. Gani pia inachagua.

Mwalimu Mstaafu:
Sikukataa, ndugu yangu. Soma tena, nimesema "kwanza". Hata katika mfano wako, "ile" ndiyo inayoonyesha kuna vitu mbele yenu. Kwenye simu hakukuwa na "ile". Baba Neema asiandike kwamba mkalimani kakosea Kiswahili, watambishia. Aandike kwamba swali lilikuwa na majibu mawili halali, na kwamba la pili lingetoka kama angeulizwa "kipi kati ya hivi viwili".

Mama Salma:
Mimi fomu yangu iliuliza, "Watoto wapi watasafiri?" Nikaandika "Tanga", maana ndiko waliko kwa bibi yao. Ilirudishwa, walitaka majina! Ingekuwa "watoto wepi" nisingehangaika. Kila nikiiona hiyo fomu nawakumbuka wanangu uani kwa mama, wakimenya machungwa.

Kaka wa Nairobi:
Pole dada. Ila "wapi" kwa watu ipo vitabuni pia.

Mwalimu Mstaafu:
Ipo, lakini kwa fomu ya serikali ni uzembe, kwa kuwa inagongana na "wapi" ya mahali. Mtoto mmoja ni "yupi", wengi "wepi", na hapo hakuna anayepotea.

Kaka wa Nairobi:
Vitabu vingine havikubaliani nawe. Shida kubwa ni serikali hizi kumpa kazi ya ukalimani yeyote anayesema "jambo".

Baba Neema:
Nashukuru wote, ya "kipi" nimeshaiandika. Sasa, ile sauti, fomu ni ipi?

Mama Salma:
Mkalimani wako alikuwa wa wapi, Baba Neema? Wangu alisema "gani" kwa kila kitu.