Ushauri: njano kisha nyekundu ya moja kwa moja, naandikaje kwenye jedwali la nidhamu?

Katibu_Wete
Asalaam aleikum wanamichezo. Mie ni katibu wa ligi ya vijana hapa Wete, timu 10, mzunguko mmoja, kisha nusu fainali. Njano 3 mchezaji anakosa mechi moja. Timu yenye nidhamu inapata seti ya jezi, na jezi hizo zinagombewa kweli.

Juzi beki mmoja alikuwa na njano 2 za mechi za nyuma. Dakika ya 31 akapata njano, dakika ya 70 akampiga teke mtu bila mpira, nyekundu ya moja kwa moja. Kiongozi wao anasema njano ile imemezwa na nyekundu, kwa hiyo bado ana 2. Ni kweli? Na pointi za nidhamu nikate ngapi? Nilitaka pia kuhesabu rafu za kila timu.

Kipanga77
Kiongozi yuko sahihi. Nyekundu ikija, njano zinafutika. Ndivyo ilivyo duniani kote.

Refa_Mstaafu
Kipanga, umeshika nusu. Zinazofutika ni njano mbili za mechi moja zilizozaa nyekundu: mchezaji anatumikia nyekundu yake, na zile mbili haziingii kwenye hesabu ya limbikizo. Nyekundu ya moja kwa moja ni kosa jingine kabisa. Njano ya dakika ya 31 haikuizaa, basi inabaki. Kanuni za nidhamu za FIFA zimekaa hivyo.

Kwa hiyo, Katibu, huyo ametimiza njano 3. Anakosa mechi moja ya limbikizo, na adhabu ya nyekundu inawekwa juu yake. Kwa teke lile kamati isiridhike na mechi moja.

Pointi, wengi wanafuata hesabu ya Kombe la Dunia: njano 1, nyekundu ya njano mbili 3, nyekundu ya moja kwa moja 4, njano kisha nyekundu ya moja kwa moja 5. Mchezaji mmoja anakatwa mara moja tu kwa mechi. Hebu tazama daftari lako, aliyetolewa kwa njano mbili ulimwandikia ngapi?

Katibu_Wete
Lo! Timu hiyohiyo, mechi ya tatu, niliandika 5. Nilijumlisha 1, 1 na 3.

Refa_Mstaafu
Andika 3. Jumla yao kabla ya juzi?

Katibu_Wete
Walikatwa 12 kwa mechi 6. Juzi wengine wawili walipata njano. Wapinzani wao kwenye tuzo wamekatwa 15 kwa mechi 6, wana kiporo.

Refa_Mstaafu
12 inashuka kuwa 10. Ongeza 5 za beki na 2 za wenzake, inakuwa 17 kwa mechi 7. Ukitazama jumla, wapinzani wanaongoza. Gawa kwa idadi ya mechi: 17 kwa 7 ni 2.43, 15 kwa 6 ni 2.5. Wenye beki wako mbele kidogo. Ungeacha kosa lako wangekuwa 19, yaani 2.71, na wangekuwa nyuma. Maadamu kuna viporo, bandika wastani.

Mama_Jezi
Sisi Chake tulipokwa pointi 3 kwa kuchezesha mtu mwenye njano 3, naye wallahi hakuwa nazo! Ndugu wawili walibadilishana jezi, mwamuzi akaandika namba tu, na karatasi ilikuwa imelowa mvua. Andikeni jina, namba na dakika, manahodha wote wawili wasaini kabla ya kuondoka uwanjani.

Kipanga77
Nimeelewa la njano. Lakini 3 kwa mechi 9 si kali? Ligi kuu ya England wanaanzia 5.

Refa_Mstaafu
Wale wana mechi 38, na hiyo 5 inahesabiwa ndani ya mechi 19 za mwanzo. Kwa mechi 9, ukiweka 5 karibu hafungiwi mtu. Muhimu zaidi ni kufuta njano pungufu kabla ya nusu fainali. Aliyetimiza ya 3 mechi ya mwisho hafutiwi, anaikosa nusu fainali. Na adhabu itumikiwe katika mechi inayofuata kuchezwa kwa tarehe, hata ikiwa kiporo, wasije kuchagua mechi ya kumpumzisha.

Rafu ziache. Mwamuzi haziandiki kwenye ripoti, na mhesabuji wa pembeni hatakubaliana na mwenzake pale faida inapoachwa iendelee.

Mshabiki_Mkoani
Nidhamu isiamue nani aingie nusu fainali. 2018 Japani na Senegali walilingana pointi, magoli, na wao kwa wao 2-2. Japani wakapita kwa njano 4 dhidi ya 6, na dakika za mwisho walipigiana pasi tu huku Poland inawaongoza 1-0.

Refa_Mstaafu
Hapo sikubaliani nawe. Bora kadi kuliko kura, timu imezipata kwa miguu yake.

Katibu_Wete
Hilo nitalipeleka kwenye kamati. Leo usiku narudia daftari lote tangu mechi ya kwanza. Je, kadi ya kocha aliyekaa benchi, nayo inakatwa kwa timu?