Plasta mpya imefura na kazi imeachwa nusu, Mkomani. Nimwandikieje mwenye nyumba ili irudiwe?

mpangaji_wa_chini

Assalamu alaykum. Nimepanga chini katika nyumba ya mawe ya zamani hapa Mkomani, Lamu. Juu wanakaa watu wengine. Ukuta wa chumba cha ndani, ule unaopakana na bafu, ulikuwa na unyevu hadi magotini. Mwenye nyumba akaleta fundi, akabandua plasta ya zamani, akapiga ya sementi na kupaka rangi ya plastiki. Masika hayajaisha, rangi imefura malengelenge, ukiikwangua unatoka unga mweupe, na unyevu sasa umefika kiunoni. Sehemu iliyoharibika ni kama mita 4 kwa mita 1.2. Soketi aliichomoa akaiacha inaning'inia kwa nyaya, na nyuma ya mlango hakupiga plasta kabisa.

Mwenye nyumba ananiambia niuache ukauke. Fundi asema kazi ameshaikabidhi. Nikisema tu "plasta mbaya" najua ataletwa yule yule apake rangi juu. Niombe nini hasa?

baharini_tu

Dawa yake ni wotapruf. Bandua yote, changanya sementi na dawa ya wotapruf, piga upya, halafu paka rangi ya mafuta. Maji hayapiti hapo.

mwashi_wa_chokaa

Alaykum salaam. Kwanza, zima stima ya soketi hiyo kwenye swichi kuu leo hii. Nyaya wazi katika ukuta wenye chumvi na maji si jambo la kungojea barua.

Ndugu baharini_tu, kwa tangi la maji ungekuwa sawa. Kwa ukuta huu utayarudia makosa yale yale kwa gharama kubwa zaidi. Nyumba za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa aina hiyo hunywa maji na kuyatoa kupitia uso wake. Ukiuvika sementi na rangi ya plastiki umeuziba uso, na maji yaliyomo hayana pa kutokea ila kupanda hadi pale sementi inapoishia. Ndiyo maana unyevu umetoka magotini ukafika kiunoni. Hiyo si dalili kwamba nyumba imezidi kuzeeka; ni kazi ya fundi, na ndilo jambo la kwanza la kumwonyesha mwenye nyumba.

Unga mweupe nao ni chumvi. Maji yanapofika karibu na uso hukauka, chumvi hubaki, hugeuka chembe na kusukuma rangi na plasta kutoka nyuma. Kuhakikisha, tia unga kidogo katika glasi ya maji safi ukoroge. Chumvi huyeyuka; unga wa chokaa hutulia chini. Kisha gonga plasta kwa mpini wa bisibisi, ukianzia pakavu ukishuka. Mahali inapolia tupu imeshaachana na jiwe, hata kama kwa macho bado ni nzima. Zungushia alama ya chaki sehemu zote hizo, weka futi ya kupimia kando yake, upige picha.

malindi_slabu

Na mimi Malindi shida hiyo hiyo. Nyumba ya bloku, maji yanadondoka kutoka slabu ya juu kila mvua ikinyesha, na mwenye nyumba alimwaga lami tu. Nitumie chokaa?

mwashi_wa_chokaa

Hapana, yako ni nyingine. Yako maji yanashuka kupitia zege, na chokaa haitakusaidia. Angalia mwinamo wa slabu na mdomo wa bomba la kutoa maji kabla ya kuongeza lami. Fungua uzi wako, tutachanganya mambo hapa.

mpangaji_wa_chini

Shukran. Unga umeyeyuka wote. Lakini nitajuaje kama maji yanatoka ardhini au bomba la bafu? Mwenye nyumba atanishika hapo.

mwashi_wa_chokaa

Swali lenyewe hilo. Tazama umbo la doa. Maji ya ardhini hupanda kwa mstari unaokaribiana kimo chumba kizima, na kwa kawaida hayapiti mita moja na kitu. Maji ya bomba huwa na kitovu: mahali pamoja palipolowa zaidi, doa likipungua kadiri unavyokwenda mbali. Chora ukingo wa unyevu kwa penseli, andika tarehe kando yake, uchore tena baada ya wiki. Doa linaloongezeka siku zisizo na mvua linakuelekeza kwenye bomba.

Halafu pima tangi. Usiku watu wakilala, funga maji yanayoingia, weka alama ya kimo cha maji, na asubuhi kabla ya yeyote kufungua mfereji utazame. Yakishuka, kuna mahali yanapotokea. Waombe majirani wa juu nao wasitumie, kama tangi ni moja.

Hili likirukwa, mengine yote ni bure. Hakuna plasta, ya chokaa wala ya sementi, itakayodumu juu ya bomba linalovuja.

kaskazi_kusi

Mwenye nyumba asema ukauke, na mimi naona ana haki kiasi. Ukuta mbichi haupigwi plasta.

mwashi_wa_chokaa

Nusu yake ni kweli. Chanzo cha maji kizibwe kwanza, plasta mbovu itoke, ukuta uachwe wazi upate upepo. Lakini kukauka kabisa ni hesabu nyingine. Kanuni ya waashi ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na kuta hizi huwa na nusu mita au karibu yake. Hata zikikauka pande zote mbili, ni miezi mingi. Na chini ya sementi na rangi ya plastiki haukauki hata ungoje mwaka. Kwa hivyo "uache ukauke" bila kubandua hakuna maana. Tunachotafuta ni plasta inayoacha ukuta uendelee kukauka nayo ikiwa juu yake, na hiyo ni chokaa.

Kazi yenyewe iende hivi. Sementi ibanduliwe hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, kwa tindo na nyundo ndogo, maana ukipiga kwa nguvu unang'oa na mawe. Viungo vikwanguliwe kina cha sentimita mbili. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu na kutupwa nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Iachwe wiki kadhaa, na kila inapotokea chumvi mpya ifagiliwe tena.

Chokaa iwe ya kujengea, iliyochomwa. Hapa mafundi wengi huharibu: dukani kuna mifuko ya chokaa ya shambani, bei yake rahisi, lakini hiyo ni jiwe lililosagwa tu na haishiki kamwe. Ya kujengea iloweshwe maji iwe kama siagi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini. Mchanga usiwe wa ufuoni, maana utakuwa umejirudishia chumvi mwenyewe.

Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Eneo lako ni karibu mita 5 za mraba. Kwa unene wa sentimita mbili unahitaji plasta kama lita 100, na kwa kuwa chokaa hujaza nafasi baina ya chembe, mchanga peke yake ndio hizo lita 100, yaani mitungi 5 ya lita 20, na chokaa iliyolowa chini kidogo ya mitungi 2. Ukuta wa matumbawe una mashimo, na utabandua juu zaidi ya eneo hilo, basi hesabu mitungi 8 ya mchanga na karibu 3 ya chokaa. Ukuta urashiwe maji, plasta ipigwe mara mbili, kila mara isizidi sentimita moja, ya kwanza ishike ndipo ya pili ifuate. Siku za mwanzo ifunikwe magunia mabichi, hasa upepo wa kaskazi ukivuma, la sivyo itapasuka. Mwisho ni kupaka chokaa, si rangi ya plastiki.

bi_sheria

Dadangu, kama umepanga sehemu tu ya nyumba, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inamwachia mwenye nyumba paa, kuta kuu na mifereji mikuu ya majitaka azitunze, na chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu. Soma pia mkataba wako. Usizuie kodi kwa hasira: mwenye nyumba anaweza kukamata mali yako kwa deni la kodi, na hapo kesi ya ukuta imegeuka kuwa yako. Baraza la kodi nalo linasikiliza nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500, kwa hiyo huenda halikuhusu. Na kwa kuwa fundi aliletwa na mwenye nyumba, wewe mdai mwenye nyumba, usigombane na fundi.

Andika ujumbe mfupi, uweke na picha:

"Assalamu alaykum mzee wangu. Nakushukuru kwa kuleta fundi. Kazi ya ukuta wa bafu haijakamilika na imeharibika: plasta imeachana na jiwe katika eneo la mita 4 kwa 1.2, unyevu umepanda kutoka magotini hadi kiunoni baada ya kupigwa sementi, nyuma ya mlango hakukupigwa, na soketi imeachwa wazi. Naomba (1) fundi wa stima aje wiki hii, (2) bomba la bafu likaguliwe kabla ya plasta, (3) sementi ibanduliwe na ipigwe ya chokaa, (4) tuutazame ukuta pamoja ukiwa wazi, kabla haujafunikwa. Tafadhali nipe tarehe."

Ombi la nne usiliache. Ukuta ukishafunikwa hakuna atakayejua kilichofanyika.

kaskazi_kusi

Na Makumbusho je? Nyumba ya Mji Mkongwe haibadilishwi ovyo.

mwashi_wa_chokaa

Kweli, na hilo lamsaidia. Mji Mkongwe wa Lamu ni turathi ya dunia tangu 2001, na ofisi ya uhifadhi ina watu wanaozijua kuta hizi. Mwenye nyumba akibisha kuhusu chokaa, wote wawili wapite pale waulize. Ila kuhusu wakati hatutaelewana: mimi ningebandua sasa nikaacha wazi hadi masika yaishe.

kaskazi_kusi

Chumba anacholala mtu kiachwe wazi miezi, vumbi na chumvi vikimwagika? Bora asubiri, ifanywe kwa mkupuo mmoja.

mpangaji_wa_chini

Ujumbe nimeutuma, stima nimezima. Tangi limepimwa, na asubuhi maji yameshuka upana wa vidole viwili. Basi ni bomba la ukutani?

mwashi_wa_chokaa

Usiandike hivyo bado. Tangi la choo likivuja ndani ya bakuli, maji ya juu hushuka vile vile na ukuta hauguswi. Usiku wa leo funga koki ya choo, cha kwenu na cha juu, upime tena. Yakibaki pale pale, ni mpira wa choo. Yakishuka, ongeza katika ombi la pili kwamba bomba lifukuliwe, na umwambie mwenye nyumba kabla fundi hajashika tindo.