Nimebadilisha maneno makala nzima, asilimia ya AI imepanda badala ya kushuka. Msaada wakuu

Chalii wa Sakina
Wakuu habari za jioni. Nahariri makala za kampuni moja ya utalii hapa Arusha, za Kiingereza, waandishi wananitumia napitisha kwenye ditekta na ikizidi asilimia 20 bosi hataki hata kuisoma. Juzi imekuja moja ya Ngorongoro ikasoma 74. Bosi akasema si ubadilishe tu maneno, basi nikakaa nayo, penye "makazi" nikaweka "maskani", penye "muhimu" nikaweka "adhimu" (nawatafsiria tuelewane), karibu kila mstari una neno jipya, napitisha tena inasoma 79! Hii kitu inapima nini sasa?

Mangi Mdogo
Hujabadilisha ya kutosha mkuu. AI ina maneno yake inayoyapenda, ditekta inayahesabu. Tafuta magumu zaidi itashuka.

Binti Pasua
Mimi niko Moshi, ripoti yangu ya fildi Turnitin ilisoma 38, nikabadilisha maneno ikafika 12. Mbona inafanya kazi?

Kaka Njiro
Binti, hiyo yako ni namba ya kufanana. Kule mashine inatafuta mfululizo wa maneno uliopo tayari kwenye maandishi ya wengine, ukiukata kwa neno geni inapoteza njia. Asilimia ya AI Turnitin wanaitoa kando, siyo hiyo. Ndo maana watu wametoka na hii dawa kule wakaileta huku.

Chalii, ditekta nyingi za AI zinaangalia kitu kingine. Inapita neno kwa neno inajiuliza, kwa haya yaliyotangulia, hili nililitegemea kiasi gani? Halafu inachukua wastani wa makala nzima. Chukua sentensi ya aina hii: "Kreta ya Ngorongoro ni makazi ya wanyama mbalimbali wakiwemo simba, tembo na faru weusi, jambo linaloifanya kuwa kivutio muhimu kwa watalii kutoka pande zote za dunia." Weka maskani, weka adhimu. Ukifika "pande zote za" nani hajui kinachofuata? Orodha ya wanyama iko palepale, "jambo linaloifanya kuwa" liko palepale, na maneno hayo uliyoyaacha ndiyo mengi, ndiyo yanayobeba wastani. Na kisawe chenyewe kikiwa cha kawaida mashine inakitegemea karibu sawa na kile ulichotoa.

Kupanda sasa. Kuna sehemu mwandishi alikuwa na neno la ajabuajabu ukalilainisha?

Chalii wa Sakina
Dah. Aliandika ukungu "umekaba" ukingo wa kreta asubuhi, nikaona siyo sawa nikaweka "umefunika".

Kaka Njiro
Hapo hapo. "Umekaba" mashine isingelitegemea, ulikuwa mstari wa mtu. Siwezi kuapa ndio uliokupa zote 5, ila mwelekeo ni huo.

Mama Steshenari
Yaani kabadilisha rangi ya bodaboda, pleti namba ileile 😂

Mangi Mdogo
Kaka Njiro ngoja kwanza. Kuna utafiti wa Stanford wa 2023, insha za TOEFL za watu wasiozaliwa na Kiingereza, ditekta zikawasingizia zaidi ya nusu kwamba ni AI. Walipoboresha msamiati, kusingiziwa kukapungua sana. Si maneno hayo?

Kaka Njiro
Ni kweli na sikatai, neno lisilotegemewa linashusha. Ila kule hawakuokota kisawe kimoja kimoja kwenye orodha, waliipa ChatGPT insha nzima iipandishe lugha. Na zile insha zilikuwa za watu tangu mwanzo, zilionekana za mashine kwa sababu msamiati ulikuwa mwembamba. Wewe ukichomeka maneno magumu popote inaweza kushuka kweli, halafu mtalii anasoma faru "adhimu kupindukia" anafunga ukurasa. Tena kuna ditekta za aina nyingine zilizofundishwa kwa mifano mingi ya mtu na ya mashine, hizo zinanusa hata mpangilio wa sentensi, na nyingine zimeshaonyeshwa maandishi yaliyobadilishwa maneno makusudi.

Binti Pasua
Kwa hiyo ile 12 yangu ya AI au ya kufanana? Msimamizi hajasema.

Kaka Njiro
Angalia ripoti yenyewe. Ukiona vipande vimepakwa rangi na kila rangi ina chanzo chake, ni kufanana.

Chalii, mrudishie mwandishi. Muulize aliingilia geti gani, saa ngapi, dereva alisimama wapi na kwa nini. Majibu hayo yanavunja sentensi zenyewe. Chini ya 20 sikuahidi.

Chalii wa Sakina
Nimempigia, kumbe alishuka kretani kweli, ana mambo kibao hakuyaandika. Ila bosi kaniambia nijaribu ditekta nyingine kwanza, nimeweka ile ya mwanzo kabisa ambayo sijaigusa, imesoma 31.

Mama Steshenari
Bosi anaamini ipi?

Chalii wa Sakina
Bado anatafuta ya tatu.