Naomba ushauri: mhusika wangu anakataaje kutoroka kipindi?

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Ninaandika hadithi fupi ya watoto, na nimekwama pale penye mvutano mkubwa. Kengele ya kipindi cha hisabati ikikaribia kugongwa, Musa anamwonyesha Baraka pengo kwenye ua wa michongoma nyuma ya vyoo, na mbele ya wenzao anamwambia: "Kama wewe si mwoga, pita hapa twende tukacheze chandimu." Baraka anapaswa kukataa bila kumvunjia rafiki yake heshima, na bila kuacha mwanya wa kubembelezwa.

Katika rasimu ya kwanza alitoa sababu: mtihani, mama, adhabu. Nilipoisoma kwa sauti, niliona kwamba kila sababu inampa Musa la kujibu, na mabishano yakarefuka hadi Baraka akasikika kama mwalimu wa zamu. Sasa anasema tu: "Siendi, Musa. Saa kumi nitakuja uwanjani na mpira wangu." Kisha anampangusa majani begani na kuingia darasani. Naona hili ni bora zaidi, kwa kuwa urafiki unaonekana kwa kitendo, ila nahofia msomaji wa darasa la sita atadhani kukataa kulikuwa rahisi mno.

Je, kusitasita kwa Baraka nikuweke kabla ya jibu lake, au baada ya kuketi, anaposikia kelele za wenzake nje? Na je, Musa aondoke, au abaki amesimama penye pengo bila hadithi kusema aliamua nini?