Ni "ng'ombe wa kikundi" au "ng'ombe za kikundi"? Naomba ushauri kabla ya kuandika daftari la mali

Katibu wa Hombolo

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wafugaji na wakulima wa zabibu hapa Hombolo, Dodoma. Daftari letu la mali limejaa, na kabla ya kuanza jipya tumekubaliana kwamba kila mstari uandikwe kwa Kiswahili sahihi, kwa kuwa daftari hilo husomwa na ofisi ya kijiji na hata na watu wa mikopo.

Mweka hazina wetu anashauri kwamba kila kitu kiandikwe kwa "ya": jembe ya kikundi, kiti ya kikundi, ng'ombe ya kikundi. Hoja yake ni kwamba mwenye mali ni mmoja, yaani kikundi, na kwa hiyo neno linalomtaja mwenye mali nalo libaki moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Anaongeza kwamba yote hayo ni "mali ya kikundi", na "ya" hiyo ndiyo inayoendelea. Mimi sikubaliani naye, lakini nami nimekwama mahali pawili. Kwanza, wapo wanaosema "ng'ombe wa kikundi" na wapo wanaosema "ng'ombe za kikundi" wanapokuwa wengi. Pili, sijui niandike nini kwenye vifaranga. Naomba ushauri wenye sababu, kwa maana wanachama watauliza sababu.

Kijana wa Nkuhungu

Katibu, una haki ya kutokubaliana na mweka hazina. Kinachoamua si mwenye kitu bali kitu chenyewe. Kikundi kinaweza kumiliki kiti, na tukaandika kiti cha kikundi. Kikimiliki shamba, ni shamba la kikundi. Kikimiliki nyumba, ni nyumba ya kikundi. Mwenye mali ni yule yule, lakini neno la katikati limebadilika mara tatu. Njia rahisi ni kutazama mwanzo wa jina la kitu. Likianza na ki- weka "cha", likianza na vi- weka "vya", likianza na m- weka "wa", likianza na ma- weka "ya". Ukifuata hilo hutakosea.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Kijana wangu wa Nkuhungu amesema kweli katika jambo kubwa, kwamba tunatazama kinachomilikiwa na si anayemiliki. Lakini ile njia ya kutazama herufi za mwanzo itamwangusha katibu kwenye ukurasa wa kwanza tu wa daftari lake. Jembe, ndoo na ghala hazina ki- wala ma- ya kushika. Kiongozi anaanza na ki-, lakini hakuna anayeandika "kiongozi cha kikundi".

Mimi wanafunzi wangu niliwafundisha kuuliza kitenzi. Chukua jina la kitu, useme kwamba kimevunjika, kimepotea au kimefika, kisha usikilize ulimi wako umetamka nini. Jembe limevunjika: umesikia li-, na li- ikikutana na -a ya umilikaji inakuwa "la", basi ni jembe la kikundi. Majembe yamevunjika, majembe ya kikundi. Mzinga umeanguka, mzinga wa kikundi. Mizinga imeanguka, mizinga ya kikundi. Ndoo imetoboka, ndoo ya kikundi. Ndoo zimetoboka, ndoo za kikundi. Ufunguo umepotea, ufunguo wa ghala. Funguo zimepotea, funguo za ghala. Kiti kimevunjika kinatoa "cha" na viti vimevunjika vinatoa "vya", kwa kuwa ki- na vi- zikikaribiana na -a hubadilika kidogo mdomoni. Mtu aliyekulia katika Kiswahili hahitaji kukariri jedwali, kwa sababu kitenzi tayari anacho.

Mahali pamoja tu kipimo hiki kinahitaji msaada, nako ni kwa viumbe hai. Mlinzi amefika, walinzi wamefika. Ng'ombe amefika, ng'ombe wamefika. Kitenzi cha umoja kinaanza na a-, lakini hatusemi "mlinzi a kikundi". Umoja na wingi wote huchukua "wa". Ndiyo maana ndege anayeruka porini ni ndege wa porini, na ndege inayotua uwanjani ni ndege ya abiria. Jina ni lile lile. Uhai ndio uliobadilisha neno la katikati.

Mfugaji wa Kongwa

Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu sana, lakini huku Kongwa tunakofuga, hakuna mtu atakayekuelewa haraka ukisema "ng'ombe wa babu" ukiwa na maana ya kundi zima. Tunasema ng'ombe za babu, mbuzi za jirani, na mimi nasema ng'ombe zangu. Sababu si uzembe. Neno ng'ombe halibadiliki katika wingi, na "wa" nayo haibadiliki, kwa hiyo anayesikia "ng'ombe wa babu" hajui kama amepotea mmoja au wamepotea thelathini. "Za" inamwambia papo hapo. Kwa mfugaji hiyo ni habari kubwa.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Marahaba, mwanangu. Uliyoyasema yana uzito, na ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo umeyaweka zizi moja. "Ng'ombe zangu" ni jambo moja na "ng'ombe za babu" ni jambo jingine. Maneno kama -angu, -ako na -ake yana mwenendo wake kwa majina ya aina hii. Tunasema rafiki yangu na rafiki zangu, ndugu yangu na ndugu zangu, ingawa ni watu, na hakuna mhariri atakayezifuta. Kwa wanyama wengi, "zangu" nayo imeandikwa na kukubalika tangu zamani na baadhi ya wanasarufi. Lakini mwenye mali anapotajwa kwa jina lake, Kiswahili cha maandishi hurudi kwenye "wa": rafiki wa Juma, ndugu wa marehemu, ng'ombe wa babu.

Tazama pia sentensi inavyoendelea. Ukiandika "ng'ombe za kikundi wamechanjwa", umeanza na za- kisha ukaruka kwenye wa-. Ukiandika "zimechanjwa", angalau umekuwa na msimamo, lakini umewahamisha ng'ombe kutoka kwenye viumbe hai. Ndiyo njia ya lugha nyingi za Kibantu, ambazo mnyama hufuata umbo la jina lake, na sishangai ikisikika kwa wafugaji. Kiswahili sanifu kilichagua uhai.

Mama wa Kondoa

Samahani wapendwa, naomba kuingiza langu kwa kuwa linafanana. Tunaandaa kadi za harusi, na mchapaji ameandika "rafiki ya bwana harusi" na "dada ya bibi harusi". Je, ndiyo hivyo?

Mhariri wa Area C

Dada yangu, mwambie abadilishe yote mawili: rafiki wa bwana harusi, dada wa bibi harusi. Unaweza pia kuandika "dada yake bibi harusi", ambayo ni ya kawaida kabisa kwa ndugu wa karibu, kwa sababu hapo "yake" ndiyo imeingia. Asichanganye njia hizo mbili akapata "dada ya".

Sasa kwa katibu. Nafanya kazi ya kusahihisha taarifa, na naona katika mjadala huu hakuna aliyetaja mahali ambapo daftari lako linaweza kuleta ugomvi wa kweli, nako ni kwenye mistari yenye wenye mali wawili. Tuseme kikundi kina kamba za kufungia ng'ombe. Soma mistari hii miwili polepole:

Kamba za ng'ombe za kikundi.
Kamba za ng'ombe wa kikundi.

Katika mstari wa kwanza, "za" ya pili inarudi kwenye kamba. Kamba ndizo mali ya kikundi, na ng'ombe wanaofungwa wanaweza kuwa wa mwanachama yeyote. Katika mstari wa pili, "wa" haiwezi kurudi kwenye kamba, kwa sababu tunasema kamba zimekatika, hatusemi kamba wamekatika. Kwa hiyo inawashika ng'ombe, na mstari unasema kwamba ng'ombe ni wa kikundi. Neno moja la herufi mbili limeamua ng'ombe ni wa nani. Ukifuata desturi ya ndugu yetu wa Kongwa na kuandika "ng'ombe za kikundi", tofauti hiyo inatoweka, na siku mwanachama atakapojitoa na kudai ng'ombe wake, daftari halitamsaidia yeyote. Ukifuata ya mweka hazina na kuandika "kamba ya ng'ombe ya kikundi", hata idadi ya kamba huijui.

Kuhusu hoja ya umoja na wingi, ambayo ni ya haki, daftari lina safu ya idadi. Andika "Ng'ombe wa kikundi", na pembeni uandike 7.

Kijana wa Nkuhungu

Mhariri, na mstari ukiwa mrefu zaidi? Kwa mfano "ndoo ya maziwa ya ng'ombe wa kikundi cha wafugaji". Naona "ya" mbili, na kwa hakika zinaonekana kama zinatoka mahali pamoja.

Mhariri wa Area C

Zinafanana tu. Ya kwanza imetoka kwa ndoo, ya pili imetoka kwa maziwa. Ukitaka kuhakikisha, ongeza ndoo ziwe tano: "ndoo za maziwa ya ng'ombe wa kikundi cha wafugaji". Ya kwanza imebadilika kuwa "za", ya pili haikutikisika, kwa kuwa maziwa hayakuguswa. Kila neno la katikati hutazama jina lililo upande wake wa kushoto ambalo linamilikiwa, na mara nyingi jina hilo ni la karibu kabisa. Pale linaporuka jina la karibu na kulifuata la mbali, kama zile kamba, ulinganifu ndio pekee unaomwonyesha msomaji njia. Maneno mawili yakiwa na ulinganifu sawa, kwa mfano "ndoo ya nyumba ya kikundi", hata ulinganifu hausaidii, na hapo ni afadhali uvunje mstari na kusema "ndoo ya kikundi inayotumika nyumbani".

Katibu wa Hombolo

Nawashukuru sana. Mstari wa kamba nitauonyesha kwenye mkutano, kwa kuwa kweli tunafunga ng'ombe wa wanachama kwa kamba za kikundi. Bado vifaranga.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Kwa kanuni ya uhai, ni vifaranga wa kikundi, kama tunavyosema viongozi wa kikundi na vijana wa kijiji.

Mhariri wa Area C

Hapo mwalimu nitamwomba radhi. "Vifaranga vya kuku" imeenea mno katika vitabu vya ufugaji na kwenye matangazo ya wauzaji, na waandishi hao hao huandika "vifaranga wanakufa" aya inayofuata. Mimi huwaachia "vya", mradi mwandishi asibadilike njiani. Nikisahihisha kwa ukali, nafuta desturi ya wengi.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Na mimi nikiiachia, wanafunzi wataniuliza kwa nini kiongozi hakuruhusiwa na kifaranga karuhusiwa. Katibu, kwenye daftari lako andika "wa", na ukiulizwa useme ni mimi niliyekushauri.

Mfugaji wa Kongwa

Kwa maandishi nimekubali "wa". Zizini nitaendelea na "za".