Ulinganisho: kupanga pointi za waifai kwa kompyuta, au fundi aje apime? (nyumba ya wageni, Mji Mkongwe)

BintiShangani
Habari zenu wakuu. Nasimamia nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Vyumba 14, chini na ghorofa mbili, vyote vimezunguka ua wa ndani. Kuta za chini na ghorofa ya kwanza ni mawe na chokaa, unene kama nusu mita. Ghorofa ya juu ilijengwa baadaye kwa tofali za saruji na mbao. Wageni wanapata waifai wakikaa uani, wakiingia chumbani na kufunga mlango inakatika.

Nimeletewa bei mbili. Fundi wa kwanza hataki hata kuja. Nimtumie ramani ya nyumba, atachora kuta kwenye programu ya Ekahau, na ameshaniambia pointi tano za kwenye korido zitatosha. Wa pili anataka kushinda siku nzima na pointi moja juu ya stendi, aihamishe huku na huku akipima, na bei yake ni karibu mara mbili. Njia ya tatu ni nipime mwenyewe kwa simu. Mngechagua ipi?

Kijana_Moro
Kompyuta inatosha dada, usipoteze hela. Shule yetu ya hapa Morogoro ilipangwa hivyo hivyo, madarasa 12 ya tofali za saruji. Hitimapu, yaani ramani ya rangi ya nguvu ya mawimbi, iliyotoka kwenye programu na ile tuliyopima baada ya kufunga zilikaribiana sana. Programu inajua kila aina ya ukuta.

FundiKebo
Kijana_Moro, kwa shule yako uko sahihi, lakini sababu siyo hiyo. Programu haijui kuta. Inajua nambari iliyoandikiwa ukuta. Ukichora ukuta wa tofali, yenyewe inakata desibeli 10 hivi, na tofali za madarasa yenu haziko mbali na hapo. Ukuta wa mawe na chokaa wa Unguja haumo kwenye orodha ile, kwa hiyo mchoraji atachagua tofali au zege na kuendelea.

Dada, kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya kipimo hiki. Weka ruta yako moja kwenye kiti ukumbini, mita tatu toka ukutani, gigahezi 5 peke yake. Simama upande uleule wa ruta, ukutani kabisa, usome nambari ya nguvu ya mawimbi kwenye simu. Kisha ingia chumba cha pili, funga mlango, simama upande mwingine wa ukuta huohuo, usome tena. Tofauti ya nambari hizo mbili ndiyo bei ya ukuta wako. Nyumba moja niliyofanyia kazi huko ilisoma -46 nje na -69 ndani. Hizo ni desibeli 23. Programu ingesema 10. Desibeli 13 zilizobaki maana yake mawimbi yaliyofika kitandani ni sehemu moja ya ishirini ya yale yaliyoahidiwa kwenye karatasi, na hapo ni ukuta mmoja tu.

Pointi za korido ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Ramani itaonyesha kijani kila mahali kwa sababu korido iko wazi, haina kuta za kuzuia mawimbi, na wewe utalipia kijani cha mahali ambapo halali mtu.

BabaNasri_Maskati
Binti, mimi huku Maskati nilikuwa na shida hiyohiyo nikaongeza kifurushi, toka 50 hadi 200. Kasi ikapanda sana sebuleni. Vyumbani bado, lakini nadhani kampuni itarekebisha.

FundiKebo
Mzee wangu, shikamoo. Sebuleni ulikuwa tayari unapata mawimbi, ndiyo maana kifurushi kilisaidia huko. Vyumbani kinachokwama ni safari ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, na kampuni haina la kufanya juu ya ukuta wa nyumba yako.

BintiShangani
Asanteni. Nimepima jana kwa simu na programu ya WiFi Analyzer, lakini sielewi. Natoka ukumbini naingia chumbani, nambari inabaki -47 ileile kama imeganda, halafu ghafla inaruka.

Mkisumu
Hiyo ni simu, si ukuta. Tangu Android 9, programu inaruhusiwa kutafuta mitandao mara nne tu kwa kila dakika mbili. Katikati unaona nambari ya zamani. Kama yako ni Android 10 kwenda juu, ingia `Developer options`, uzime `Wi-Fi scan throttling`, kisha urudie. Ukifika mahali tulia sekunde kumi kabla ya kusoma. Na tumia simu hiyohiyo mwanzo hadi mwisho, maana simu mbili zikiwekwa meza moja zinaweza kutofautiana desibeli kadhaa.

BintiShangani
Imekubali! Chini, kati ya ukumbi na chumba namba 3: -45 na -67. Ghorofa ya kwanza, chumba namba 8: -44 na -70, ila kuna kabati kubwa la mninga ukutani. Juu kabisa, kupitia ukuta wa mbao: -46 na -50.

FundiKebo
Kazi nzuri sana hii. Una nyumba mbili ndani ya nyumba moja. Juu ukuta unakula 4 tu, kwa hiyo fundi wa kompyuta atakupangia vizuri. Chini na ghorofa ya kwanza zinakula 22 na 26, na hapo ningemlipa mwenye stendi, nusu siku. Au umpe yule wa kwanza nambari zako, aziingize kama aina mpya ya ukuta badala ya tofali, uone kama pointi tano zitabaki tano. Akikataa kubadilisha, umeshajua.

Kwa mwenye stendi sisitiza mambo mawili. Pointi yake asiifungulie nguvu zote. Aiweke kwenye nguvu itakayotumika kweli, maana simu ya mgeni ina nguvu ndogo: itaisikia pointi yenye kelele lakini jibu lake halitarudi. Na aingie kila chumba, milango ikiwa imefungwa, hadi pembeni mwa kitanda. Asipoingia, programu inajaza rangi kwa kukisia toka koridoni, na kwenye karatasi huwezi kutofautisha rangi iliyopimwa na iliyokisiwa. Mwambie akuonyeshe mstari wa njia aliyotembea. Vyumbani omba -67 au bora zaidi, yaani karibu zaidi na sifuri.

BiSalme_Ung
Fundi, kwa hesabu hiyo kila chumba cha chini kitataka pointi yake, na kila pointi kebo. Kuta hizi ukizitoboa kwa drili ya kugonga zinamwaga kifusi ndani, na ukiziba kwa saruji unyevu unakaa humo. Zinataka chokaa. Tena nyumba za hifadhi zina Mamlaka ya Mji Mkongwe, huanzi kutoboa tu. Mimi ningejaribu kwanza pointi juu ya mlango, upande wa koridoni.

FundiKebo
Bi Salme, la chokaa nakubali. La mlango linategemea mlango. Wa mbao nyepesi utapitisha, ule mzito wa kuchonga sina hakika. Stendi ndiyo itakayosema.

BintiShangani
Vyumba vinne vya chini vina milango ya kuchonga. Mwenye stendi anakuja Jumanne, nimemwomba aanze na hivyo: pointi juu ya mlango kwanza, kisha ndani. Nitaleta nambari zote mbili hapa. Bi Salme, fundi wa chokaa unamjua?